Ngeli zilimkubali, r ikamgomea

Nimekulia kambi ya jeshi, na kwa anayetaka kutazama watu wa kila umri wakijifunza Kiswahili, nchi hii ya Uganda haina mahali pazuri kuliko pale. Baba akihamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara, nyumba nzima inahama naye, na siku ya kwanza tu kwenye foleni ya maji Mwacholi, Mlugbara, Mnyankole na Muganda wanajikuta hawana lugha nyingine ya kugombania zamu isipokuwa Kiswahili. Hakuna anayemfundisha mwenzake. Unakipokea tu, kila mtu kwa umri aliofika nao.

Nyumba ya jirani ilihamia familia kutoka Masaka, watu wa Luganda mtupu. Mama, binti aliyekuwa anaingia sekondari, na kitinda mimba ambaye hata chekechea alikuwa hajaanza. Miaka ilipita wote watatu wakiwa palepale, wakisikia Kiswahili kilekile. Yule mdogo akawa kama sisi kabisa; ungemsikia gizani usingejua mamake ni Muganda. Binti alikisema bila kukwama na hakukosea sentensi, ila *r* na *l* zilimteleza akichangamka. Mama alinunua, akauza, akagombana na kupatana kwa Kiswahili, na hadi tunahama pale alikuwa bado anatusalimia, "Abali ya asubui?"

Baadaye, niliposomea ualimu wa lugha, nilikuta kwamba jambo hilo lina jina: nadharia tete ya kipindi muhimu. Aliyeipa umaarufu ni Eric Lenneberg, katika kitabu chake cha 1967. Alidai kwamba ubongo una muda wake wa kupokea lugha kwa kuishi ndani yake tu, tangu mtoto akiwa na miaka miwili hivi hadi balehe, na kwamba baada ya hapo lugha hupatikana kwa jasho na lafudhi ya kigeni haiondoki kirahisi. Nilipoisoma nilifikiria nyumba ya Masaka, nikaona mzee wa watu kamaliza kila kitu.

Hakumaliza. Tazama tena ile nyumba. Kitinda mimba alicheza nasi tangu jua linachomoza hadi tunaitwa kula. Mama alikuwa na kibanda cha matunda pamoja na wanawake wawili wa Kiganda, na mchana kutwa waliongea Luganda. Kwa hiyo tofauti yao ni ya ubongo, au ni ya saa walizokitumia Kiswahili na watu waliokuwa nao? Swali hilo ndilo watafiti wamelikalia kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lao si moja. Kwa matamshi wanapata jibu hili, kwa sarufi wanapata lingine.

Nianze na matamshi, kwa sababu hapo Uganda tuna mfano unaofundisha kuliko mingi ya vitabuni. Katika Luganda, *l* na *r* si sauti mbili zenye kazi mbili. Ni sauti moja yenye nguo mbili, na kinachoamua ivae ipi ni irabu iliyotangulia. Baada ya *i* au *e* inatoka *r*. Kwingineko inatoka *l*. Kazi moja ni *omulimu*, kazi nyingi ni *emirimu*. Neno ni lilelile, kilichobadilika ni kwamba mwanzo ilitangulia *u* na sasa imetangulia *i*. Muganda hafikirii hilo hata kidogo. Sikio lake limejifunza tangu utotoni kwamba tofauti ya sauti hizo haibebi maana, kwa hiyo haina haja ya kusikilizwa.

Sasa mlete kwenye Kiswahili, ambako *mahari* inalipwa na *mahali* panakaliwa, *karamu* inaliwa na *kalamu* inaandika, na siku ya uchaguzi unapiga *kura* kisha unakwenda *kula*. Katika maneno yote hayo irabu iliyotangulia ni *a* au *u*, kwa hiyo kanuni ya Luganda inatoa *l* tu. Halafu *kweli* inageuka *kweri* na *mbele* inageuka *mbere*, kwa sababu zimetanguliwa na *e*. Watu hucheka wakidhani Muganda anachanganya ovyo. Hachanganyi ovyo hata kidogo. Anafuata kanuni kwa uaminifu mkubwa, ila ni kanuni ya lugha nyingine.

Kufungika huko kwa sikio kunaanza mapema kuliko Lenneberg alivyodhani. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa Kanada waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza, wakiwa na miezi sita hadi minane, walitofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuweza kuzitofautisha. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umekwisha kupungua sana. Hakuna balehe hapo. Mtoto hata kutembea bado.

Na upande wa pili, hakuna ukuta unaoanguka siku ya balehe. James Flege na wenzake mwaka 1995 walikusanya Waitaliano 240 waliohamia Kanada, wengine wakiwa wachanga wa miaka miwili, wengine vijana wa zaidi ya ishirini, na wengi wao walikuwa wamekaa kule miongo mitatu. Walirekodiwa wakisema sentensi za Kiingereza, wazawa wakasikiliza na kupima lafudhi. Kadiri mtu alivyochelewa kufika ndivyo lafudhi ilivyokuwa nzito, lakini ilizidi kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, bila kuruka ghafla kwenye miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Hata baadhi ya waliofika wakiwa wadogo walitambulika. Na Susan Oyama, mwaka 1976, alikuwa tayari amepima Waitaliano 60 huko Marekani, akakuta kwamba umri wa kufika ndio uliotabiri lafudhi, na wingi wa miaka ya kukaa haukuongeza mengi. Mama wa Masaka angekaa kambini hadi uzeeni, "abali" yake ingebaki naye.

Kwa hiyo kwenye sauti umri una nguvu, ila unafanya kazi kama mteremko. Nasisitiza kwa sababu nimewasikia walimu wenzangu wakimwambia mwanafunzi wa sekondari kwamba "mlango umefungwa". Theo Bongaerts alipowapima Waholanzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka kama kumi na miwili, alipata wachache ambao wasikilizaji Waingereza walishindwa kuwatofautisha na wazawa. Walikuwa watu wa aina yake, waliosomea Kiingereza chuo kikuu na kufundishwa fonetiki hasa. Lakini wapo.

Sarufi ina hadithi nyingine, na hapa ndipo ninapomleta Salongo.

Nimekuwa nikifundisha darasa la jioni la wafanyabiashara wa Kikuubo, pale Kampala, watu wanaofuata bidhaa Dar es Salaam na Mombasa na waliochoka kudanganywa bei kwa sababu ya lugha. Salongo, tunavyomwita kwa heshima ya kuwa baba wa mapacha, anauza vitambaa. Alianza akiwa amevuka miaka hamsini, bila Kiswahili zaidi ya cha askari wa barabarani. Darasani kulikuwa pia na Mzungu mmoja kijana mwenye shahada mbili, aliyekuja kufanya kazi za misaada. Ukifuata umri peke yake, kijana angemwacha mzee mbali.

Haikuwa hivyo. Ngeli, ambazo zilimtoa jasho yule kijana, Salongo alizipita kama mtu anayerudi nyumbani. *Kitabu kile kimepotea, vitabu vile vimepotea*: Luganda lina *ekitabo* na *ebitabo*, na kila kitu kwenye sentensi kinafuata. Kijana alisema "kitabu yangu" kwa muda mrefu sana, maana katika lugha yake hakuna nomino inayoamrisha kiambishi cha kitenzi namna hiyo.

Lakini Salongo naye alikwama mahali, na pale alipokwama panaeleza zaidi kuliko pale alipofaulu. Alisema "mbuzi yangu imepotea". Luganda linasema *embuzi yange ebuze*, yaani mnyama anafuata upatanisho wa ngeli yake bila kujali kwamba ana uhai. Kiswahili sanifu kinamtoa kila kiumbe kwenye ngeli yake na kumpa upatanisho wa mtu: *mbuzi wangu amepotea*. Kosa hilo si la uzee. Kijana wa Kiganda wa miaka kumi na tano analifanya vilevile.

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu sarufi ni wa Jacqueline Johnson na Elissa Newport, wa 1989. Walichukua watu 46 wenye asili ya Kichina na Kikorea waliohamia Marekani wakiwa na miaka kati ya 3 na 39. Waliwasikilizisha sentensi 276 za Kiingereza, nyingine sahihi, nyingine zimeharibiwa, nao wakajibu tu ipi ni sawa na ipi si sawa. Waliofika kabla ya miaka saba walipata alama sawa na wazawa. Kuanzia hapo hadi ujana alama zilishuka kadiri ya umri. Waliofika wakubwa walitawanyika: wengine vizuri, wengine vibaya, na umri haukusema tena nani atapata nini. Wengi waliona huo ndio ushahidi kwamba mlango unafungwa.

Ila mwaka 2001 David Birdsong na Michelle Molis walirudia sentensi zilezile kwa wazawa wa Kihispania, na baadhi ya waliofika ukubwani wakapata alama za wazawa. Kihispania kiko karibu na Kiingereza kuliko Kichina au Kikorea. Nilipolisoma hilo nilimwona Salongo na ngeli zake. Umri wa kuanza haujitegemei. Unakwenda sambamba na lugha uliyotoka nayo.

Na Flege alirudi tena mwaka 1999, safari hii na Wakorea 240 walioko Marekani, akawapima mambo mawili kwa watu walewale: lafudhi na sarufi. Yote mawili yalishuka kwa umri, kama ilivyotarajiwa. Kisha akalinganisha makundi yaliyotofautiana umri wa kufika lakini yaliyofanana kwa mambo mengine, kama vile miaka ya shule waliyosoma Marekani na kiasi wanachotumia Kiingereza. Athari ya umri kwenye sarufi ikatoweka. Kwenye lafudhi ikabaki. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ninayoweza kumpa mwalimu yeyote asome hata kama hatasoma nyingine, kwa kuwa inagawanya ile hoja ya kambini katikati: lafudhi ya mama wa Masaka ni ya umri wake, lakini sarufi yake kwa sehemu kubwa ni ya kibanda cha matunda.

Salongo aliithibitisha bila kujua. "Mbuzi yangu" na wenzake waliondoka mwaka ule alipoanza kuandikiana na muuzaji wake wa Kariakoo kwa simu. Ujumbe ukitumwa unakaa pale, unasomeka tena, na yule muuzaji alikuwa na tabia ya kurudia sentensi yake ikiwa imenyooka kabla ya kujibu bei. Sarufi ikanyooka kwa maandishi. Sauti, ambayo maandishi hayaigusi, ikabaki ilivyokuwa.

Kuna utafiti mkubwa wa 2018 wa Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, uliowapata watu karibu 670,000 kwa jaribio la sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Hesabu zao zilisema uwezo wa kujifunza sarufi hubaki juu hadi miaka 17.4 kisha hushuka. Magazeti yalitangaza kwamba dirisha linafungwa ukiwa na miaka kumi. Yalichanganya mambo mawili: uwezo unadumu hadi utu uzima, ila kufikia kiwango cha mzawa kunachukua miaka mingi, kwa hiyo anayeanza baada ya kumi au kumi na miwili huishiwa muda kabla mteremko haujaanza. Hata hiyo 17.4 imepingwa, uchambuzi upya wa takwimu hizohizo, wa 2022, ulikuta kwa wengi wa waliojifunza baadaye mshuko wa taratibu tu.

Ninapoona dirisha kweli linafungwa ni kwenye lugha ya kwanza. Newport alipima mwaka 1990 viziwi wa Marekani ambao wote walikuwa wametumia lugha ya alama kwa miaka 30 au zaidi. Waliokutana nayo tangu kuzaliwa waliwashinda kwa sarufi waliokutana nayo wakiwa na miaka minne hadi sita, na hao wakawashinda waliokutana nayo baada ya kumi na miwili. Katiba yetu ya 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa viziwi, lakini kambini nilimjua mtoto kiziwi aliyefika umri wa darasa la sita akiwa na ishara za nyumbani tu, alizobuniana na nyanya yake. Salongo anaweza kuchelewa kwa sababu Luganda liko chini yake. Yule mtoto hakuwa na kitu chini.

Turudi kwenye shule, maana Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari, na tangu hapo kila mzazi ananiambia afadhali waanze wadogo. Asubuhi ninafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi, vipindi viwili kwa wiki, na jioni ninao watu wa Kikuubo kwa muda unaokaribia huohuo. Kwa muhula mmoja wakubwa wanawaacha watoto mbali, kila muhula. Haishangazi. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuata wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wakachapisha mwaka 1978: katika miezi ya kwanza vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima walikuwa mbele, na watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio walioshika mkia. Carmen Muñoz huko Barcelona alikuta hivyohivyo shuleni: kwa idadi ileile ya saa, walioanza na miaka kumi na mmoja waliwashinda walioanza na minane.

Faida ya mtoto ni ya masafa marefu, na inadai lugha imzunguke. Kitinda mimba wa Masaka alikuwa na Kiswahili masikioni kwa saa kumi kwa siku. Mwanafunzi wangu ana dakika themanini kwa wiki, kisha anarudi kwenye Luganda na Kiingereza. Kumwanzisha mapema kwa kipimo hicho hakumpi utoto wake faida yoyote ninayoweza kuiona, zaidi ya nyimbo.

Kwa hiyo nikabadilisha ninachofanya na hizo dakika, na wazo nililipata kwa Wajapani. Nao hawatofautishi *r* na *l* za Kiingereza. Miaka ya tisini timu ya David Pisoni iliwapa watu wazima wa Japani zoezi la kusikiliza tu: neno linasikika, unachagua kati ya mawili, unaambiwa papo hapo kama umepata. Siri ilikuwa kutumia sauti za watu wengi tofauti na herufi hizo zikiwa mahali tofauti ndani ya neno. Masikio yaliboreka, na kazi ya Ann Bradlow ya 1997 ikaonyesha kwamba na midomo ikaboreka pia, ingawa hakuna aliyewafundisha kutamka.

Nilirekodi watu wa kambi yetu ya zamani, wake kwa waume, vijana na wazee, na Mpemba mmoja mwenye duka Old Kampala, wakisema *kalamu, karamu, mahali, mahari, kula, kura*. Salongo alivaa spika za masikioni dukani kwake, mimi nikishika simu.

"Karamu," akasema.

"Hapana, Salongo. Kalamu."

"Mwalimu, wewe unanichezea. Hilo ni neno lilelile ulilolipiga sasa hivi."

Mwanzoni alikuwa anabahatisha, nusu kwa nusu, na alikuwa na hakika kwamba nimerekodi neno moja mara mbili. Dalili ya kwanza ya maendeleo haikuwa majibu sahihi, ilikuwa kusitasita. Alianza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, kumaanisha kuna kitu amekisikia ambacho jana hakikuwepo. Sauti ya Mpemba ndiyo iliyomshinda hadi mwisho. Mtu aliyezoezwa kwa sauti moja tu hufaulu kwa sauti hiyo na kuanguka kwa nyingine. Nimeliona hilo kwa waliotumia rekodi yangu peke yangu.

Leo *mahari* anaisema sawasawa, hasa akiwa ametulia, na binti yake alipoposwa na watu wa Tanga ilimfaa. Ambapo sijafanikiwa ni kwenye bei. Akianza kuhesabu haraka mbele ya mteja, "shilingi" inarudi "siringi" kama Luganda linavyoitaka, "mia mbili" inakuwa "mia mbiri", na "arobaini" inakuwa "alobaini". Tarakimu amezisema kwa Kiganda tangu akiwa mtoto anayetumwa sukari, na zinatoka kabla sikio halijapata nafasi ya kuzikagua. Nimeanza kumrekodia bei.